Fomu za Google kwa mahitaji ya washiriki: uzoefu wangu Kisumu

Nasajili washiriki wa warsha hapa Kisumu kwa Fomu za Google, na kwa kuuliza mahitaji ya chakula na ya ulemavu naipa nyota nne kati ya tano. Ni ya bure, hufunguka kwenye simu, na majibu hujipanga yenyewe katika jedwali. Nyota ya tano naizuia kwa sababu jedwali hilo halimfai mpishi lilivyo.

Swali la chakula liwe la visanduku, mtu aweze kutia tiki zaidi ya moja. Usiweke koma ndani ya chaguo, kwa kuwa jedwali hutenganisha majibu ya mtu mmoja kwa koma hiyohiyo. Tenga pia "Sili samaki" na "Mzio wa samaki". Wa kwanza anataka kitoweo kingine tu. Wa pili anaweza kudhurika hata kwa chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyotoka kukaanga ngege, na jikoni nyingi hutumia mafuta hayohayo.

Kwa washiriki 120, majibu ya chakula yakiwa safu ya F, hesabu hivi:

```
=COUNTIF(F2:F121,"*Mzio wa samaki*")
```

Lakini fomula hii huhesabu tiki za chaguo moja moja. Tuseme wasiokula nyama ni 9 na wasiotumia maziwa ni 5, na 3 wametia tiki zote mbili. Ukijumlisha utaagiza sahani 14, ilhali walaji ni 11: 6 bila nyama, 2 bila maziwa, 3 bila vyote viwili. Hao 3 ndio huumia zaidi, maana wakipelekwa upande wa wasiokula nyama watakuta managu yaliyolazwa kwa maziwa. Kwa hiyo pitia safu mtu kwa mtu, kisha mwandikie mpishi maneno ya jikoni: "Sahani 3 bila nyama wala maziwa. Managu yao yatolewe kabla maziwa hayajamiminwa." Majina na magonjwa hayamhusu, meza ya usajili iwape wahusika kadi za rangi za kuonyesha wakati wa kupakua.

Ukumbi upewe karatasi yake. Kwenye fomu uliza mtu anahitaji nini, wala si ana ulemavu gani: viziwi wawili huenda mmoja akataka mkalimani wa lugha ya ishara na mwingine maandishi kwenye skrini. Wakalimani wawe wawili kwa kikao kirefu, wapokezane. Kwa kiti cha magurudumu, jibu la "tuna njia" halitoshi. Omba upana wa mlango wa choo kwa sentimita, na picha ya njia yote kutoka langoni hadi chooni, kwa sababu ngazi mbili mara nyingi huwa hapo mwisho.