Niliomba Ukali, Nikarudishiwa Masizi: Uzoefu Wangu na Huduma ya Kuediti Picha za Harusi

Picha iliyonitoa povu ni ya bwana harusi. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, nyuma yake bahari ya Bagamoyo asubuhi yenye utando mwepesi wa ukungu. Faili ghafi nililowapelekea lilikuwa laini kidogo, kama faili ghafi zote zilivyo, na fokasi ilikuwa imekaa sawasawa kwenye macho. Maelekezo yangu yalikuwa mstari mmoja: zinoeni kidogo, msiguse kingine.

Iliyorudi ina ukanda mweupe kuzunguka kofia na mabega, utadhani mtu amekatwa kwa mkasi akabandikwa juu ya anga. Chini ya macho kuna weusi wa mtu aliyekesha siku tatu. Mikunjo ya shingo imekuwa mifereji. Angani yameibuka madoa ya kijivu ambayo kwenye faili langu hayakuonekana. Nilipokwenda kulalamika, kijana wa dirishani hakuinua hata macho: "Kaka, si ulitaka zikolee? Ndiyo zimekolea hizo."

Sikusema zikolee. Nilisema zinolewe. Hayo ni mambo mawili, na anayelipwa kuediti picha za watu hana haki ya kutoyajua.

Bahati nzuri walinirudishia na faili ndogo za XMP, zile ambazo programu za kuediti za Lightroom na Camera Raw huandikia kila kilichofanyika. Ukizifungua kwa programu yoyote ya maandishi unasoma kila kitu. Hii ndiyo ya picha hiyo:

```
crs:Texture="+40"
crs:Clarity2012="+55"
crs:Dehaze="+35"
crs:Sharpness="40"
crs:SharpenRadius="+1.0"
crs:SharpenDetail="25"
crs:SharpenEdgeMasking="0"
```

Tazameni mistari minne ya chini. Sharpness 40, Radius 1.0, Detail 25, Masking 0: hizo ndizo namba zinazokuja zenyewe faili ghafi linapofunguliwa kabla hujagusa kitu. Kwa hiyo kitu pekee nilichokiomba ndicho pekee ambacho hakikuguswa. Vile vitatu ambavyo sikuviomba vimesukumwa hadi mwisho wa uvumilivu.

Niwaeleze tofauti, maana naona wengi wanaziita zote "kufanya picha iwe shapu". Zote nne zinacheza na kontrasti ya karibu, yaani tofauti ya mwanga kati ya sehemu moja na jirani yake. Swali ni jirani wa umbali gani. Kunoa kwa kweli kunatazama jirani wa pikseli moja au mbili. Texture inatazama vitu vya ukubwa wa kati: vinyweleo vya ngozi, nyuzi za kitambaa, makuti. Clarity inatazama eneo pana, makumi ya pikseli na zaidi, na nguvu yake kubwa iko kwenye toni za kati. Dehaze haianzii kwenye kingo kabisa. Inakadiria mwanga uliopotea na kutawanyika hewani kati ya lenzi na kitu, kisha inaurudisha, hivyo inavuta weusi chini na kukoleza rangi mahali popote panapofanana na ukungu.

Chukueni mkono wa bibi harusi wenye piko, katika picha nyingine ya seti hiyohiyo. Tuseme ngozi ina mwangaza wa 150 katika kipimo cha 0 hadi 255, na mstari wa piko una 60. Ukinoa kwa Radius 1.0, pikseli ya ngozi iliyogusana na piko inapanda hadi kama 165, na ya piko iliyo ukingoni inashuka hadi kama 48. Basi. Pikseli tano mbele, ngozi ni 150 ileile. Jicho linaona mstari umekatika safi, na mkono ni mkono uleule. Sasa ukipandisha Clarity, kinachosukumwa ni eneo. Kivuli laini kati ya vidole kilichokuwa 120 kinashuka kuelekea 100, mgongo wa mkono unapanda, mishipa inajitokeza. Mstari wa piko wenyewe hauongezeki ukali wowote wa maana. Mkono umezeeka, na ua bado ni laini vilevile.

Anayebisha afungue Unsharp Mask ya Photoshop kwenye picha yoyote. Aweke Amount 100 na Radius 1, atazame. Kisha arudishe, aweke Amount 20 na Radius 50. Hesabu ni ileile moja: picha asili, ukitoa nakala yake iliyofifishwa, tofauti ikazidishwa na kurudishwa juu ya picha. Mara ya kwanza utaona ukali. Mara ya pili utaona kitu cha ukoo wa Clarity, picha "imeshiba" lakini kope za macho hazikusogea. Clarity ya sasa ina akili zaidi ya hapo, inajitahidi kuzilinda kingo kubwa, lakini kwa +55 kanzu nyeupe ikikutana na anga ya kijivu ukanda unatoka tu.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho kingewaumbua palepale dirishani, na nasikitika sikukifanya. Punguza picha hadi iwe ndogo kama kidole gumba. Kunoa kwa kweli kutapotea kabisa, kwa sababu mabadiliko yake ni ya pikseli moja na pikseli hizo zimemezwa. Clarity na Dehaze zitabaki wazi. Basi kama tofauti ya kabla na baada unaiona kwenye kijipicha cha simu, ujue hujanolewa picha, umebadilishiwa toni. Na ukitaka kuukagua ukali wenyewe, tazama kwa 100%, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini. Chini ya hapo unajidanganya.

Madoa ya angani nayo yana maelezo. Ni vumbi la kwenye sensa. Lilikuwepo tangu mwanzo, limefifia kiasi kwamba anga ya ukungu ililificha. Dehaze +35 ikachukua tofauti hiyo ndogo ya mwanga ikaitanua. Ndivyo inavyofanya pia kwa chenga zilizo kwenye vivuli na kwa giza la pembeni linalotokana na lenzi. Ukiigusa Dehaze lazima urudi uzungukie anga yote kwa brashi ya kufuta madoa. Hawa hawakurudi.

Hapa niwe mkweli, kwa sababu nilipoanza kuandika nilitaka kusema slaida hizi tatu zifutwe duniani. Nimezitazama tena zile picha nyingine. Kuna moja ya majahazi yaliyotia nanga mbali, hakuna mtu karibu, ukungu umeimeza yote. Wameiweka Dehaze ileile +35, na picha imefufuka. Matanga yanaonekana, mstari wa upeo wa bahari umerudi. Kunoa kusingeisaidia hata kidogo, kwani pasipokuwa na tofauti ya mwanga hakuna ukingo wa kunoa. Na ile ya ukumbi wenye paa la makuti, Texture +40 imetoa kila jani bila kuchafua vivuli, maana Texture inaruka zile chembe ndogo kabisa ambamo chenga nyingi hukaa. Kwa hizo mbili nawapongeza. Kwa hiyo tatizo langu si slaida. Tatizo ni namba zilezile kumwagwa juu ya picha zote, jahazi na uso wa mtu vikapewa dawa moja.

Ya bwana harusi nimeirekebisha mwenyewe, na naandika hatua ili mwenye seti kama yangu asilipe mara mbili. Texture, Clarity na Dehaze zote zimerudi 0. Kwenye paneli ya Detail nimeweka Amount 60, Radius 0.8, Detail 25. Kisha Masking, na hapa ndipo penye kazi yenyewe: shikilia Alt, au Option kwenye Mac, huku unavuta. Skrini inageuka nyeusi na nyeupe. Nyeupe ndipo patakaponolewa, nyeusi ndipo palipolindwa. Nilivuta hadi mashavu na anga vikawa vyeusi kabisa, vikabaki vyeupe kope, midomo, ndevu na nakshi za kofia. Ilifika 75. Kwa Masking 0 waliyoiacha wao, hata chenga za angani zilikuwa zinanolewa.

Baada ya hapo Texture na Dehaze nimezirudisha kwa barakoa, yaani kwa kuchagua eneo moja tu la picha, kila moja mahali pake. Texture +25 kwenye kofia peke yake, ili viua vitoke. Texture −10 kwenye mashavu, ambayo inalainisha vinyweleo bila kuifanya ngozi ionekane plastiki. Dehaze +12 kwa barakoa ya mteremko, kuanzia juu ya anga hadi kwenye maji tu, nikamtoa bwana harusi humo ili kanzu isiguswe. Rangi ya bahari ikakolea kupita kiasi, nikashusha Saturation −8 ndani ya barakoa hiyohiyo. Clarity sikuiweka popote. Picha haikuihitaji.

Na msipandishe slaida ya Detail hadi 100 mkidhani ni ukali wa bure. Huko juu inajaribu kuurudisha ukali uliopotea kwa lenzi kuififisha picha, na kwenye picha ya ISO ndogo inaweza kusaidia mawe au majani. Kwenye picha ya ukumbini ya ISO 3200 inanoa chenga. Picha iliyotikisika nayo haiponi kwa slaida yoyote kati ya hizi nne.

Hukumu yangu: nilitoa nyota moja, nikapandisha hadi mbili kwa ajili ya ile ya majahazi. Lakini wakati namalizia kuandika nimefungua albamu waliyokwisha kuichapa kabla ya kunionyesha chochote. Ukurasa wa mbele ni bwana harusi yuleyule, mwenye ukanda mweupe kichwani, na kwenye karatasi umekuwa mnene kuliko kwenye skrini, kwa sababu wakati wa kutoa faili za kuchapa waliongeza Output Sharpening ya High juu ya uchafu uleule. Mama yake alipoishika ameuliza kama mwanaye alikuwa mgonjwa siku ile. Nyota moja.