Saa ya dunia ya kwenye simu: uzoefu wangu baada ya kukosa maombi kwa dakika ishirini

Nimetumia saa ya dunia ya kwenye simu kwa miaka kadhaa, ile unayoongeza mji na kuona kule ni saa ngapi. Sina ugomvi nayo. Ila Machi 2024 iliniacha nje ya mlango, na kosa lilikuwa langu kwa sababu niliiuliza swali ambalo haikuundwa kulijibu.

Nilikuwa naomba ufadhili wa masomo Marekani. Tangazo lilisema mwisho ni Ijumaa tarehe 15 Machi, "5:00 PM EST". Mwezi Februari, nikiwa Dar es Salaam, nikafungua simu na kutazama New York. Ilikuwa nyuma yetu kwa masaa 8. Saa kumi na moja jioni ya kwao ukiongeza masaa 8 ni saa saba usiku kwetu, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Nikatega kengele, nikaandika kwenye daftari, nikasahau.

Siku yenyewe nilianza kupakia vyeti saa sita na robo usiku, bila papara, maana daftari lilinipa dakika arobaini na tano. Saa sita na dakika ishirini nikabonyeza kutuma, ukurasa ukaniambia muda umeisha. Niliutazama kama mtu aliyefungiwa geti na mlinzi anayemfahamu.

Kilichotokea ni hiki. Wamarekani wengi husogeza saa zao mbele lisaa limoja Jumapili ya pili ya Machi, na mwaka huo iliangukia tarehe 10. Sisi hatusogezi. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo New York ilikuwa nyuma yetu kwa masaa 7, na saa kumi na moja yao ikawa saa sita kamili usiku kwetu. Simu ilikuwa sahihi Februari na ingekuwa sahihi tarehe 15 pia, kama ningeitazama. Inakuonyesha tofauti ya sasa hivi tu. Mimi niliichukua tofauti ya Februari nikaipeleka Machi.

Na ile "EST" ilinipumbaza zaidi. Kwa maana yake halisi ni saa za majira ya baridi, masaa 5 nyuma ya saa ya kimataifa ya marejeo, UTC, ambayo yangenipa saa saba usiku vilevile. Lakini watu wa kule huandika EST mwaka mzima wakimaanisha tu saa ya ukutani New York. Niliwaandikia kulalamika, sikufika popote. Sasa nikikuta EST kwenye tangazo la kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, nahesabu kwa New York, kwa sababu ndiyo inayofunga mapema.

Siku ya mwisho ikifika, saa ya dunia inatosha kabisa, na njia ni fupi kuliko niliyotumia. Usilete muda wa mwisho kwako. Nenda kwao. Ijumaa ile saa mbili usiku kwetu, New York ilikuwa saa saba mchana. Kutoka saa saba hadi saa kumi na moja ni masaa 4, basi. Daftari langu lilikuwa likisema 5. Pia unakwepa kuchanganya "saa nane" ya mchana na "masaa 8" ya tofauti, jambo linalonikuta nikiwa na usingizi.

Kwa kupanga mapema nimehamia kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu, amri ya `date`, kwa sababu inahesabu kwa tarehe unayoitaja:

```
date -d 'TZ="America/New_York" 2024-03-15 17:00' '+%F %R'
```

Kompyuta ikiwa imewekwa saa za Afrika Mashariki, jibu ni `2024-03-16 00:00`. Tarehe imeruka hadi Jumamosi, na 00:00 ni saa sita usiku. Ukibadilisha tarehe iwe 1 Machi, inakupa 01:00. Lisaa langu lililopotea limekaa hapo.

Ina ila moja mbaya. Ukikosea jina la eneo, mathalani `America/NewYork` bila mstari wa chini, haikuonyi. Inachukulia UTC kimyakimya na kukupa saa mbili usiku. Kwa hiyo kabla ya kuamini naandika kwanza:

```
TZ="America/New_York" date
```

Ikionyesha EST, au EDT ya majira ya joto, jina liko sawa. Ikiandika `America` mahali pa herufi hizo, umekosea.

Saa ya dunia naipa nyota nne, na bado iko kwenye simu. Kengele ndiyo sitegi tena mwezi mmoja kabla. Naitega asubuhi ya siku ya mwisho, nikiwa nimeshaitazama New York kwa macho yangu.