Bima ya safari ilikataa dai langu kwa sababu ya 05/06: uzoefu wangu

Nilikata bima ya safari Dar es Salaam kabla ya kwenda Houston kumwona mdogo wangu, kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 27 Mei 2024. Jumapili tarehe 5 Mei nilishinda na homa na maumivu ya ubavuni, na usiku wa manane mdogo wangu akanipeleka hospitali, kitengo cha dharura. Yalikuwa maambukizi ya figo. Wakanitundikia dripu, wakanipa dawa kwa mshipa, na alfajiri nikaruhusiwa.

Namba ya dharura ya kampuni naisifu bila kusita. Mdogo wangu alipiga tukiwa bado hospitalini, simu ikapokelewa, tukapewa namba ya tukio. Namba hiyo ndiyo niliyoiandika juu ya kila karatasi baadaye. Walituambia nilipe mwenyewe, nitunze risiti, nidai nikirudi.

Shida ilikuwa kitengo cha madai. Nilituma kila kitu tarehe 20 Juni, picha moja moja kwa simu, jinsi zilivyokuja mkononi. Tarehe 9 Julai nikajibiwa kwamba dai limekataliwa: matibabu yalifanyika baada ya bima kuisha. Nilisoma barua ile mara tatu. Mimi nilitua Dar tarehe 26 Mei!

Nikazitandaza karatasi mezani ndipo nikaona. Marekani wanaanza na mwezi. Risiti ya hospitali imeandikwa 05/06/2024, yaani 6 Mei, lakini Mtanzania yeyote ataisoma 5 Juni. Ya kliniki, niliporudi kuangaliwa, imeandikwa 05/08/2024, kwetu ikawa 5 Agosti, tarehe ambayo siku ile walipokuwa wakiniandikia barua ilikuwa haijafika hata kidogo. Hapo ndipo naona hawakunitendea haki, kwa kuwa aliyesoma kwa makini angeshtuka. Kilichoniokoa ni risiti ya kliniki ya mara ya pili, 05/13/2024. Hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo karatasi hiyo peke yake inathibitisha namna wanavyoandika.

Kulikuwa na utata mwingine. Huko daktari wa dharura anaweza kukudai peke yake, mbali na hospitali. Ankara yake ya dola 780 ilifika kwa mdogo wangu mwezi Juni, ikiwa na tarehe mbili: juu, 11 Juni, siku ilipotolewa; chini, kwa herufi ndogo, 6 Mei, siku ya matibabu. Bima inaangalia siku ya matibabu. Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu, nikaibana pamoja na risiti ya malipo, maana ankara inaonyesha unachodaiwa tu, haionyeshi kwamba umelipa.

Ripoti ya daktari ndiyo iliyonichosha zaidi. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya maelekezo ya mgonjwa: kunywa maji mengi, maliza dawa. Haisemi ugonjwa ulianza lini, na hilo ndilo kampuni inalotaka kujua, isije ikawa uliondoka nyumbani ukiwa mgonjwa. Niliiandikia ofisi ya kumbukumbu ya hospitali, nikajaza fomu ya ridhaa, wakanitumia maandishi ya daktari mwenyewe. Humo ameandika kwamba dalili zilianza siku 2 kabla ya kufika, yaani karibu tarehe 4 Mei, siku 6 baada ya bima kuanza.

Tarehe 15 Julai nilituma upya, faili moja. Mbele niliweka ukurasa wangu mwenyewe, miezi nikiitaja kwa maneno. Mistari yake ilikuwa hivi: "6 Mei 2024, hospitali, dola 2,350, karatasi ya 4. 6 Mei 2024, daktari wa dharura, dola 780, ankara na risiti, karatasi ya 5 na 6." Zikafuata dawa dola 42, halafu kliniki 8 Mei na 13 Mei, dola 150 kila mara. Kabla ya risiti niliweka hati ya bima, tiketi na muhuri wa kurudi kwenye pasipoti, kisha ripoti ya daktari. Jumla dola 3,472.

Safari hii dada wa madai alinipigia mwenyewe. "Mama, nimeuona ukurasa wako wa mbele, sasa naelewa. Ile ya tarehe 13 ndiyo imetufungua macho." Aliniomba kitu kimoja tu, risiti halisi ya duka la dawa, kwa sababu picha ilikuwa imefifia. Nikaipeleka ofisini kwa mkono, wakanigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu.

Tarehe 6 Agosti zikaingia benki shilingi za dola 3,372. Dola 100 zilizokatwa zimeandikwa kwenye mkataba kuwa ni sehemu ya mteja kwa kila dai, hivyo sikuzilalamikia. Kwa huduma ya simu ya dharura nawapa nyota 5. Kwa kitengo cha madai nawapa 2, na zote mbili ni za yule dada.