Uyoga wa dawa: upi ununue kwanza, upi uuache dukani

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya bidhaa 19 za reishi, uyoga maarufu wa dawa, zilizonunuliwa Marekani. Ni 5 tu zilizothibitika kuwa na reishi kama lebo zilivyodai. Nyingi kati ya zilizobaki hazikuwa na vile viambato vichungu vinavyoitambulisha reishi, na badala yake zilikuwa na kitu chenye sifa za wanga. Ndiyo maana sipangi bidhaa hizi kwa sifa za uyoga. Ninazipanga kwa swali moja: kilichomo ndani ya kopo kinafanana kiasi gani na kile walichopewa watu kwenye utafiti?

Kwa kigezo hicho, wa kwanza ni unga mtupu wa uyoga wa singa za simba, ule ambao kwenye lebo utausoma Hericium erinaceus. Utafiti wake unaojulikana zaidi ulifanyika Japani na kuchapishwa 2009. Watu 30 wenye umri wa miaka 50 hadi 80, walioanza kupata shida ya kumbukumbu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vya unga wa uyoga uliokaushwa, na jingine vidonge visivyo na dawa. Dozi ilikuwa vidonge 4 vya miligramu 250 mara tatu kwa siku, yaani gramu 3, kwa wiki 16. Waliokula uyoga walipata alama bora kwenye mtihani wa kumbukumbu. Wiki 4 baada ya kuacha, alama zao zikashuka tena. Ni watu wachache, lakini walipewa kitu ambacho mimi na wewe tunaweza kukinunua: uyoga wenyewe, uliokaushwa na kusagwa.

Kwa vijana wenye afya hali ni tofauti. Utafiti wa Uingereza wa 2023 uliwapa watu 41 gramu 1.8. Saa moja baada ya dozi ya kwanza walikuwa wepesi zaidi kwenye jaribio moja la umakini, lakini vipimo vingi havikuonyesha tofauti yoyote. Mwanafunzi anayetafuta akili ya mtihani asitegemee kuipata hapa.

Kabla ya kulipa, piga hesabu. Tuseme kopo lina kapsuli 60 za miligramu 500, na lebo inasema umeze 2 kwa siku. Hiyo ni gramu 1 tu, theluthi ya dozi ya Japani. Ukitaka gramu 3 utameza kapsuli 6 kila siku, na kopo la mwezi litakwisha siku ya kumi. Wiki 16 ni siku 112, kwa hiyo unahitaji kapsuli 672, karibu makopo 12. Zidisha bei ya kopo moja kwa 12 ndipo uamue. Mara nyingi unga unaouzwa kwa uzito, au uyoga mzima uliokaushwa ukausaga mwenyewe, hukuokolea fedha nyingi, tena uyoga mzima unauona kwa macho: ni tonge jeupe linaloelekea manjano, lenye nyuzi ndefu zinazoning'inia.

Wa pili ni kodisepsi ya kulimwa, Cordyceps militaris, ya rangi ya machungwa. Naiweka hapa kwa sababu ni rahisi kuilima na kuitambua, si kwa sababu ushahidi wake ni mzito. Majaribio mengi ya watu yalitumia kuvu mwingine aliyekuzwa kwenye matangi, aitwaye Cs-4. Katika jaribio la 2010, wazee na watu wa makamo 20 waligawanywa makundi mawili. Waliopewa Cs-4, miligramu 333 mara tatu kwa siku kwa wiki 12, waliweza kufanya kazi nzito zaidi kidogo kabla misuli haijaanza kuchoka, ila kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia hakikubadilika. Wapanda baiskeli waliozoea mazoezi, katika utafiti wa 2004, hawakupata nafuu yoyote.

Reishi naiweka ya tatu, pamoja na umaarufu wake wote. Jopo la Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, lilipitia majaribio matano kuhusu kisukari na hatari za moyo, likaona hayaungi mkono kuitumia kwa kisukari. Kuhusu saratani, jopo hilo halikupata ushahidi wa kutosha kuifanya tiba ya kwanza. Anayekuambia uache dawa za hospitali unywe reishi anakuweka hatarini. Kuna pia ripoti za wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia unga wake. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au za kushusha sukari, au unasubiri upasuaji, mwone daktari kwanza. Ukiamua kununua, chagua mchujo uliotokana na uyoga wenyewe, wenye kiwango cha beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi za uyoga, kwenye lebo. Ikiandikwa polisakaridi tu, yaani minyororo mirefu ya sukari ya aina yoyote, jua kwamba wanga nao ni polisakaridi, hivyo asilimia kubwa hapo haithibitishi chochote.

Sasa tuingie kwenye tatizo kubwa la soko hili. Wakulima wa uyoga wanajua jinsi mbegu inavyotengenezwa: mtama au ngano huchemshwa, huwekewa kuvu, na nyuzi nyeupe hutanda kwenye nafaka. Kapsuli nyingi ni mbegu hiyo hiyo, imekaushwa na kusagwa pamoja na nafaka yake. Uyoga wenyewe haukuwahi kuota. Nyuzi hizo si takataka. Huko Taiwan, jaribio la 2020 kwa wagonjwa wa Alzaima waliokuwa hatua za mwanzo lilitumia nyuzi za Hericium, ila zilikuzwa kwenye kimiminika na kiambato chake kilipimwa. Kapsuli ya nafaka haikupi uhakika huo. Kwenye lebo, kutajwa kwa mchele, shayiri au nafaka nyingine ni ishara ya kapsuli hiyo.

Unaweza kupima nyumbani. Chemsha kijiko cha chai cha unga kwenye nusu kikombe cha maji kwa dakika chache, acha upoe kabisa, kisha dondoshea iodini, ile dawa ya vidonda ya kahawia. Kwenye kikombe cha pili fanya hivyo hivyo kwa unga wa mahindi ili uwe na cha kulinganisha. Rangi ikigeuka bluu nzito au nyeusi, una wanga mwingi. Ikibaki ya kahawia, nafaka si nyingi. Reishi ina rangi nzito, hivyo ongeza maji kwanza. Kipimo hiki hakitakuambia ni uyoga wa aina gani, na baadhi ya vijazio vya wanga uliovunjwavunjwa hupita bila kuonekana.

Kahawa ya ganoderma, yaani kahawa iliyochanganywa na reishi, naiweka chini zaidi. Pakiti yenye miligramu 200 za reishi ingekulazimu unywe vikombe 15 kufikia uzito wa gramu 3 tuliouona kwenye utafiti wa Japani. Kama unapenda ladha yake, inunue kama kahawa, kwa bei ya kahawa.

Usinunue kabisa kodisepsi ya porini, ile inayoota kwenye mwili wa kiwavi huko Tibet na Himalaya. Huuzwa kwa uzito, hivyo kuna kishawishi cha kuichezea ili iwe nzito, na madaktari wameshaandika juu ya wagonjwa waliopata sumu ya madini ya risasi kutokana na bidhaa zake. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya China ilitoa onyo baada ya kukuta sumu ya aseniki ya miligramu 4.4 hadi 9.9 kwa kilo, wakati kiwango kinachoruhusiwa kwenye vyakula vya afya ni 1.

Kwa bidhaa yoyote, mwombe muuzaji cheti cha maabara chenye vipimo vya risasi, aseniki, kadmiamu na zebaki, kisha linganisha namba ya toleo kwenye cheti na ile iliyo chini ya kopo. Zisipofanana, cheti hicho ni cha mzigo mwingine.