Uzoefu wangu: kuchangia damu kiwandani kwa zamu za idara

Nilipewa kazi ya kuratibu uchangiaji damu kwenye kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Timu ya damu salama ilifika na vitanda vinne, na huduma yao naipa alama zote. Kilichotusumbua ni ratiba niliyoipanga mwenyewe.

Niliipa kila idara saa nzima. Saa 3 asubuhi wakaja watu 20 wa kukata minofu. Kila mtu alipaswa kuhojiwa, kupimwa uzito (usiopungua kilo 50), presha na wingi wa damu. Hapo kwa wingi wa damu, tone linadondoshwa kwenye maji ya mrututu. Likizama haraka, unaendelea. Kutoa damu kwenyewe ni kama dakika 10, lakini ukijumlisha kumlaza mtu, kumfunga na kumpumzisha, kitanda kimoja kinachukua dakika 20. Kwa hiyo vitanda vinne ni watu 12 kwa saa, si 20. Ilipofika saa 4, wanane tu walikuwa wamemaliza. Msimamizi wa laini akanifuata: "Dada, watu wangu wanarudi lini? Samaki wanapata joto."

Nikaifuta ratiba. Kila nusu saa nikaita watu wanane, wanne kutoka idara moja na wanne kutoka nyingine, ili hakuna meza inayobaki tupu. Nafasi za vitandani ni sita, ila wawili hivi hurudishwa kwenye vipimo: mmoja uzito hautoshi, mwingine ametoka kutibiwa malaria juzi. Mwito ukiwa wa sita kamili, vitanda vinakaa bure huku foleni ikiwa imeisha.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Kijana wa kupakia alitoa damu saa 5, akapumzika, akanywa soda, kisha akarudi kuinua kreti. Pamba ikalowa damu. Muuguzi akamkalisha, akainua mkono wake na kubana pale alipochomwa mpaka damu ikakata. Baada ya hapo wapakiaji, madereva wa foklifti na wanaoshika visu niliwasogeza mwisho wa zamu, watoe damu halafu waende nyumbani. Asubuhi nikaanza na ofisi na stoo. Waliotoka zamu ya usiku niliwaambia wakalale kwanza, siku nyingine ipo.

Jambo moja nitalibadilisha safari ijayo. Nilibandika majina ukutani, na aliyerudishwa akaulizwa sababu na kila aliyepita. Mama mmoja wa usafi aliondoka bila kuaga. Majibu ya vipimo ni ya mtu mwenyewe, na hata kukataliwa ni siri yake. Mara ijayo ukutani itakuwa idara, saa na idadi tu, na kila atakayetoka, aliyetoa na ambaye hakutoa, atapita mlango uleule na kupewa soda ileile.

Tulipata chupa 43. Wanaume wanaweza kurudi baada ya miezi 3, wanawake 4, na tarehe nimeshaiomba.