Orodha moja ya makaratasi ya marehemu baba: uzoefu wangu na saiba moja ya mjini

Wakili wetu wa mirathi alitaka orodha ya karatasi zote za marehemu baba kabla hajaandaa maombi ya kupeleka kortini Milimani: kila hati na jina lake, tarehe na aina yake. Mdogo wangu alikuwa ameshazipiga picha kwa simu huko Umoja, picha 340 hivi, mkataba wa ploti umebanwa katikati ya risiti za reti na barua za shule. Nilizipeleka kwenye saiba moja karibu na barabara ya Tom Mboya, wanakochapa kazi za aina hii kwa shilingi 10 kila picha. Nilizibeba kwa flashi, maana picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na maandishi ya mihuri hufifia.

Jedwali la kwanza lilikuwa na mistari 340. Kila picha mstari wake! Mkataba wa kurasa nne ulikuwa umegeuka hati nne, na ule ukurasa wa tatu ukapewa jina "Mashahidi". Kijana aliyeifanya kazi akaniuliza kwa heshima, "Mama, si kila picha ni karatasi moja?" Nikamweleza kwamba wakili anahesabu hati, si kurasa. Tukaongeza safu mbili mwanzoni: picha ya kuanzia na picha ya kuishia. Upande wa nyuma wa karatasi, hata kama una muhuri tu, unabaki kwenye mstari wa hati yake. Safu hizo mbili ndizo zilizotusaidia kukagua kazi. Jedwali likiwa bado limefuata mpangilio wa picha, A ikiwa ya kuanzia na B ya kuishia, unaandika hii kwenye mstari wa tatu wa safu tupu, mstari wa kwanza ukiwa wa vichwa, kisha unaivuta hadi chini:

```
=A3=B2+1
```

Panapotokea FALSE, kuna picha imerukwa au imehesabiwa mara mbili. Kwetu ilitokea pale ambapo mdogo wangu alikuwa amerudia picha iliyotoka na ukungu.

Tarehe ndizo zilizokula muda. Chukua huo mkataba wa ploti ya Kayole: juu umeandikwa 3/7/1994, muhuri wa ushuru wa stempu ni wa Agosti mwaka huohuo, na wakili fulani aligonga muhuri wa kuthibitisha nakala mwaka 2011. Kijana alichukua 2011 kwa sababu ndiyo iliyosomeka vizuri, na mkataba ukaenda kukaa chini ya risiti ambazo ulizitangulia kwa miaka mingi. Tulikubaliana: tarehe ya hati ni ile iliyoandikwa hati yenyewe ilipotengenezwa, mihuri yote mingine iende kwenye safu ya maelezo.

Halafu kompyuta yao ilikuwa imewekwa mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Kwa hiyo 3/7/1994 ilisomwa kuwa tarehe 7 Machi, bila onyo lolote. Nilitambua kwa kutazama safu tu: tarehe kama 19/8/1994 zilikuwa zimeegemea kushoto kama maneno, kwa kuwa hakuna mwezi wa 19, na zile zilizogeuzwa zimeegemea kulia kama namba. Ukiona safu moja imegawanyika hivyo, usiiamini hata tarehe moja. Rudi kwenye picha. Kwenye Google Sheets mtindo huo hubadilishwa kwa File, Settings, Locale, ila hautarekebisha zilizokwisha kusomwa vibaya. Sisi tuliifanya safu nzima kuwa Plain text kisha tukaandika upya kwa kuanza na mwaka: 1994-07-03. Hata barua yenye mwezi na mwaka pekee, 1994-07, inajipanga mahali pake.

Majina yalikuwa rahisi zaidi. Hati yenye kichwa ilinakiliwa kichwa chake; isiyo nacho ilipewa jina letu ndani ya mabano ya mraba, mfano [Makubaliano ya mkono kuhusu ua wa ploti], ili wakili asitafute maneno hayo kwenye karatasi. Kwa aina, tulijifunga kwa maneno machache: mkataba, risiti, barua, cheti, taarifa ya benki, mengineyo. Mwanzoni kulikuwa na "risiti", "stakabadhi" na "malipo" kwa kitu kilekile, na ukichuja moja unakosa mbili.

Kwa shilingi 3,400 sina kinyongo, kwa sababu walirudia bila kudai nyongeza. Ukienda, wape picha kama 20 za mchanganyiko kwanza uone wanavyozigawa. Kitu kimoja kilinikera: picha za kitambulisho na namba za akaunti zilikuwa bado kwenye kompyuta yao nilipokuja kulipa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kudai zifutwe. Nilisimama hapo hadi folda ikafutwa, na Recycle Bin pia.