Beta-alanini au sitrulini: ipi ununue, kwa kipimo gani, na nani aiache dukani

Ukinywa gramu 2 au 3 za beta-alanini, kirutubisho kinachouzwa kwa wafanya mazoezi, kwa mkupuo mmoja, baada ya robo saa hivi uso, masikio, shingo na viganja huanza kuchomachoma kama vinaguswa na ncha za sindano. Hali hiyo hudumu saa moja hadi moja na nusu, kisha huisha yenyewe. Wengi kwenye jimu huichukulia kuwa dalili kwamba dawa imeshaingia mwilini na kazi imeanza. Sivyo. Kinachowasha ni neva za ngozini, ambazo beta-alanini huziamsha inapojaa ghafla kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya haijaonekana kuleta madhara, ila haikuelezi chochote kuhusu misuli yako.

Kazi yenyewe hufanyika polepole. Ndani ya msuli, beta-alanini huungana na histidini, asidi ya amino, kutengeneza karnosini, na karnosini ndiyo inayopunguza makali ya asidi msuli unapofanya kazi nzito. Akiba hiyo hujengwa kwa wiki kadhaa. Kipimo kilichothibitika ni gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku, kila siku, hata siku za kupumzika, kwa wiki 4 au zaidi. Haijalishi uliinywa saa ngapi kabla ya mazoezi. Faida huonekana zaidi kwenye juhudi kali za dakika 1 hadi 4 hivi: mbio za mita 400 hadi 1500, kuogelea mita 100 au 200, kupiga makasia, raundi za ngumi, au mazoezi ya vipindi vikali vyenye mapumziko mafupi.

Orodha hii tumeipanga kwa kumfikiria mtu anayefanya mazoezi mara 3 au 4 kwa wiki kwa afya na raha yake. Kama mazoezi yako ni kutembea, kukimbia taratibu kwa dakika 40 au kunyoosha viungo, usinunue chochote kati ya hivi. Asidi siyo inayokuchosha hapo, na hakuna kipimo kitakachokupa tofauti utakayoiona.

1. Unga mtupu wa beta-alanini

Huu unastahili nafasi ya kwanza kwa anayefanya vipindi vikali na aliye tayari kuunywa kila siku. Lebo iwe na kiungo kimoja tu. Kopo la gramu 300, kwa gramu 3.2 kwa siku, hutosha siku 93, kwa hiyo unanunua mara moja kwa jaribio zima.

Mwasho huanza kusumbua dozi moja inapozidi gramu 0.8 hivi, ingawa watu hutofautiana. Gawa gramu 3.2 mara 4: asubuhi, mchana, alasiri na usiku, kila mara pamoja na chakula. Pima kwa mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, maana kijiko kilichojaa kwa kilima na kile kilichosawazishwa hutofautiana sana, na hapo ndipo wengi hushangaa leo wanawashwa na jana hawakuwashwa.

Ili kujua kama imekusaidia, pima kitu kilekile kabla na baada. Tuseme unakimbia mita 800 kwa sekunde 160. Muda huo ukipungua kwa asilimia 2, umeokoa sekunde 3 na kidogo. Lakini bila kirutubisho chochote, usingizi mbaya au upepo unaweza kukubadilishia muda kwa kiasi hichohicho. Kimbia mara 2 au 3 kwa siku tofauti kabla ya kuanza, rudia hivyo baada ya wiki 4, kisha linganisha wastani. Kama hujishughulishi na sekunde 3, umeshapata jibu la swali la kununua.

2. L-sitrulini tupu

Hii inafaa zaidi kwa mnyanyua vyuma. Figo huigeuza kuwa arginini, na kutokana na arginini mwili hutengeneza naitriki oksaidi inayolegeza mishipa ya damu. Ajabu ni kwamba sitrulini huongeza arginini kwenye damu vizuri kuliko kumeza arginini yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya arginini huvunjwa na utumbo na ini kabla ya kufika mbali. Tumia gramu 3 hadi 6, saa moja kabla ya mazoezi. Haiwashi.

Usitarajie makubwa: rudio moja au mawili ya ziada kwenye seti za mwisho, na pengine maumivu ya misuli kupungua kidogo kesho yake. Matokeo ya tafiti hayalingani, na baadhi hayakuona faida yoyote.

3. Vidonge vya beta-alanini vinavyoyeyuka polepole

Faida ni ileile ya namba 1, mwasho ukiwa mdogo, hata kwa gramu 1.6 kwa mara moja. Mara nyingi gharama kwa kila gramu ni kubwa zaidi. Vinunue kama kugawa unga mara 4 kwa siku kumekushinda. Usivivunje wala kuvitafuna, kwani utakuwa umeondoa kile ulicholipia.

4. Sitrulini malati

Kipimo chake cha kawaida ni gramu 8, lakini sehemu yake ni asidi ya maliki. Katika mchanganyiko wa 2:1 kwa uzito, gramu 8 hukupa sitrulini gramu 5.3 tu. Asiyesoma vizuri hununua "gramu 6 za sitrulini" kumbe anapata 4. Ladha yake ni ya ukakasi, na wengine huvurugika tumbo.

5. Unga mchanganyiko wa kabla ya mazoezi

Hapa mwasho ndio huuza bidhaa, na hesabu inaufichua. Chukua unga wenye beta-alanini gramu 1.6 kwa kijiko, unaonywewa siku 3 za mazoezi kwa wiki. Hiyo ni gramu 4.8 kwa wiki, wakati kipimo cha chini kinadai 22.4. Kwa wiki 4 unakuwa umepata gramu 19.2 badala ya 89.6: mwasho umeupata kila mara, akiba haijajengeka. Ukiamua kuunywa mara 2 kila siku ili ufikie kipimo, unakunywa pia kafeini maradufu, na usingizi ndio unaolipa. Lebo inayotaja "mchanganyiko maalumu" bila gramu za kila kiungo irudishe rafuni.

Angalia pia kama kuna niasini, yaani vitamini B3. Yenyewe hufanya ngozi iwe nyekundu na ya moto, tofauti na michomo ya beta-alanini. Midomo ikivimba, vipele vikitokea au pumzi ikibana, huo si mwasho wa kawaida bali mzio: acha unga na nenda hospitali mara moja.

Kwa mshindani anayepimwa, beta-alanini na sitrulini hazimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, ila kopo linaweza kuchafuliwa kiwandani. Tafuta alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, na uhakikishe namba ya toleo la kopo lako ipo kwenye tovuti yao.

Anayetumia dawa za shinikizo la damu, naitreti za moyo au dawa za nguvu za kiume kama sildenafili asinywe sitrulini kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu zote hushusha shinikizo na zikikutana linaweza kushuka hadi mtu akazirai. Mjamzito na anayenyonyesha waviache vyote viwili.